Klorfeniramini, setirizini au loratadini: usingizi utakuja saa ngapi, na dozi imezwe lini

Mwenye mafua ya mzio, macho yanayowasha au vipele vya kujikuna mara nyingi hujikuta anachagua kati ya dawa tatu: klorfeniramini, ambayo wengi huiita piritoni, setirizini na loratadini. Zote tatu hufanya kazi kwa njia moja. Huwahi kukaa kwenye vipokezi vya histamini mwilini, histamini ikifika inakuta nafasi zimeshikwa. Wengi huuliza ipi inaleta usingizi. Jibu la swali hilo halimtoshi mtu mwenye kazi ya kufanya kesho alfajiri, kwa sababu dawa inayomlaza usiku wa manane huenda isimdhuru, na inayomlaza kidogo tu saa 2 asubuhi ikamponza barabarani. Anachohitaji kujua ni usingizi huo utafika saa ngapi na utamwachia saa ngapi.

Nazilinganisha hapa kwa dozi za kawaida za mtu mzima mwenye ini na figo nzima. Watoto, wajawazito na wenye maradhi ya kudumu wana hesabu zao, na wanapaswa kupata ushauri wa daktari au mfamasia kwanza.

## Kwa nini usingizi una saa yake

Kidonge kikimezwa, sehemu kubwa ya dawa hainyonywi tumboni. Husubiri tumbo liimwage kwenye utumbo mwembamba, na huko ndiko inakopenya kuingia kwenye damu. Damu hiyo hupitia kwanza kwenye ini, kisha husambaa mwili mzima. Wakati dawa inaendelea kuingia, ini na figo tayari zimeanza kuiondoa. Fikiria ndoo yenye tundu dogo chini, iliyowekwa chini ya bomba: mwanzoni maji yanaingia kwa kasi kuliko yanavyovuja, kwa hiyo yanapanda. Bomba likipungua nguvu, hufika wakati yanayoingia yanalingana na yanayovuja. Hapo maji hayapandi tena, na baada ya hapo yanashuka tu. Kiwango cha dawa kwenye damu kinapofika hapo tunasema kimefika kileleni.

Kasi ya kuingia na kasi ya kutoka hutegemea dawa yenyewe na mwili wa anayeimeza, na hazibadiliki sana siku hadi siku. Ndiyo maana kilele hufika baada ya muda unaokaribiana kila mara. Ukubwa wa dozi haubadilishi muda huo kwa dawa hizi. Anayemeza vidonge viwili badala ya kimoja ataona kilele kimekuwa kirefu zaidi, lakini kitafika saa ileile.

Usingizi nao hufuata kilele kwa sababu ya kazi ya histamini ubongoni. Ndani kabisa ya ubongo, kwenye haipothalamasi, kuna kundi dogo la seli zinazotoa histamini ili kutuweka macho. Dawa ikipenya hadi huko na kufunika vipokezi, ishara ya kukaa macho inafifia. Kadiri damu inavyobeba dawa nyingi, ndivyo nyingi zaidi inavyosukumwa kuelekea ubongoni, na ndivyo vipokezi vingi zaidi vinavyofunikwa. Wakati mwingine usingizi huchelewa kidogo nyuma ya kilele cha damu, kwa kuwa kuvuka kuingia ubongoni nako huchukua muda.

## Vigezo vya kupimia

Nimechagua vinne. Cha kwanza ni kilele hufika baada ya muda gani. Cha pili ni kiasi gani cha dawa huvuka kuingia ubongoni, maana kilele kirefu kwenye damu si kitu kama mlango wa ubongo umefungwa. Cha tatu ni kasi ya kushuka, ambayo hupimwa kwa muda wa kupungua nusu, yaani saa ambazo damu huchukua kubaki na nusu ya dawa iliyokuwa nayo. Cha nne ni chakula, kwa sababu tumbo lililojaa huchelewa kumwaga na hivyo huweza kusogeza kilele.

Kigezo cha tatu ndicho kinachosahaulika zaidi, nacho kwa maoni yangu ndicho kinachoamua mambo. Watu wakishajua kilele kiko wapi hudhani wamemaliza, wakasahau kuuliza dawa inashuka vipi baada ya hapo.

## Klorfeniramini

Kilele. Kidonge cha miligramu 4 hufika kileleni baada ya saa 2 au 3 hivi, na kwa baadhi ya watu huchelewa zaidi. Huanza kutuliza pua na macho mapema kuliko hapo, kwa hiyo mtu hupata nafuu kwanza na usingizi mzito humfuata baadaye, pengine akiwa ameshatoka nyumbani akidhani safari hii dawa haikumlaza.

Ubongoni. Inavuka kwa urahisi. Molekuli yake ni ndogo na hupenda mafuta, na ukuta unaotenganisha damu na ubongo umejengwa kwa utando wa mafuta. Hii ndiyo inayoleta usingizi kuliko mbili zinazofuata.

Kushuka. Hapa pana jambo la kushangaza. Pakiti husema imezwe kila baada ya saa 4 hadi 6, na mtu hufikiri baada ya saa 6 imeisha mwilini. Kumbe kwa mtu mzima muda wa kupungua nusu ni takriban saa 20, na watu hutofautiana sana, wengine saa 12, wengine zaidi ya 40. Saa 6 baada ya kilele, damu bado ina karibu asilimia 80 ya kiwango cha juu. Kidonge cha pili kinaingia juu ya kile cha kwanza kikiwa karibu kizima, cha tatu juu ya hivyo viwili. Ukiendelea hivyo kila saa 6, kufikia siku ya nne hivi kiwango hutulia kikiwa karibu mara tano ya kile cha dozi moja. Kwa matumizi ya namna hiyo hakuna tena kilele cha kukwepa. Kuna uwanda mrefu ulioinuka, wenye vilima vidogo.

Kinachowaokoa wengi ni kwamba ubongo huzoea. Baada ya siku chache za kumeza mfululizo, usingizi unaosikika hupungua ingawa dawa kwenye damu imeongezeka. Ila kupungua kwa usingizi unaosikika si ushahidi kwamba mikono na macho vimerudi kwenye wepesi wake. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, watu waliendesha gari la kuigiza baada ya kumeza miligramu 50 za difenhidramini, dawa ya kundi moja na klorfeniramini. Waliendesha vibaya kuliko walipokuwa wamekunywa pombe, na usingizi waliosema wanausikia haukuweza kutabiri nani angeendesha vibaya.

Chakula. Tumbo lililojaa huichelewesha, na dawa yenyewe hupunguza mwendo wa tumbo. Kwa kuwa inashuka polepole sana, saa moja mbele au nyuma haibadilishi sana hali ya asubuhi.

Inamfaa nani. Anayetaka nafuu kwa usiku mmoja au miwili, anayeamshwa na muwasho, na asiye na kazi ya hatari asubuhi inayofuata. Haimfai mzee anayeamka usiku kwenda kujisaidia, kwani hufika kileleni wakati anaposimama gizani. Pia hukausha mdomo na inaweza kuzuia mkojo kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba. Mwenye presha ya macho naye aiepuke hadi amuulize daktari.

## Setirizini

Kilele. Hii ina haraka. Kidonge cha miligramu 10 kikimezwa tumbo likiwa tupu hufika kileleni baada ya saa 1 hivi.

Ubongoni. Huvuka kidogo. Haipendi mafuta kama klorfeniramini, na kwenye kuta za mishipa ya ubongo kuna pampu za protini zinazoirudisha kwenye damu. Wengi hawasikii chochote, lakini si wote. Katika majaribio yaliyowekwa kwenye maelezo rasmi ya dawa nchini Marekani, watu 14 katika kila 100 waliomeza miligramu 10 walisikia usingizi, dhidi ya 6 katika 100 waliomeza kidonge kisicho na dawa. Kwa miligramu 5 walikuwa 11. Ukipunguza urefu wa kilele, usingizi nao unapungua, ingawa si kwa nusu.

Kushuka. Muda wa kupungua nusu ni saa 8 hivi. Ikimezwa mara moja kwa siku, saa 24 baadaye imebaki karibu sehemu moja ya nane, kwa hiyo hairundikani. Kila siku ina kilele chake kilicho wazi, na hii ndiyo dawa ambayo kupanga saa kunazaa matunda kuliko zote tatu. Tahadhari ni kwa wenye figo dhaifu. Sehemu kubwa ya setirizini hutoka kwenye mkojo bila kubadilishwa, hivyo figo zikishindwa muda wa kupungua nusu hurefuka sana, na daktari hushusha dozi hadi miligramu 5.

Chakula. Hakipunguzi jumla ya dawa inayoingia, ila huchelewesha kilele kwa takriban saa 1 na dakika 40 na kukifupisha kwa karibu robo. Mtu anayesumbuliwa na usingizi wa ghafla anaweza kulitumia jambo hili kwa faida yake. Anayetaka nafuu ya haraka, kwa mfano mwili umeanza kumvimba vipele, ataona chakula kinamchelewesha.

Inamfaa nani. Anayehitaji dawa yenye nguvu dhidi ya muwasho, anaweza kuimeza jioni kila siku, na figo zake ni nzima.

## Loratadini

Kilele. Kuna vilele viwili. Loratadini yenyewe hufika baada ya saa 1 hadi 1 na nusu, kisha ini huigeuza kuwa desloratadini, ambayo nayo huzuia histamini na hufika kileleni saa 1 au zaidi baadaye.

Ubongoni. Kwa dozi ya miligramu 10 ni kidogo sana. Kwenye majaribio yaliyomo katika maelezo yake rasmi ya Marekani, waliosikia usingizi walikuwa 8 katika 100, dhidi ya 6 kwa kidonge kisicho na dawa. Nisingependa msomaji aweke 8 hii kando ya 14 ya setirizini akatoa hukumu, kwa sababu majaribio yalikuwa tofauti na watu tofauti. Linganisha kila namba na ya kidonge kisicho na dawa iliyo pembeni yake.

Kushuka. Loratadini hupungua nusu kwa saa 8 hivi, desloratadini kwa saa 28. Mkia ni mrefu, lakini kwa kuwa haifiki sana ubongoni, mkia huo huleta nafuu ya mzio bila kuleta usingizi kwa wengi.

Chakula. Huchelewesha kilele kwa saa 1 hivi na huongeza kiasi cha loratadini kinachoingia. Usingizi haubadiliki sana.

Inamfaa nani. Anayehitaji kinga ya kila siku kwa msimu mzima na hawezi kuvumilia hata uzito mdogo wa kichwa. Udhaifu wake ni kwamba baadhi ya watu wenye muwasho mkali huona haiwatoshi. Wanaoongeza dozi wenyewe ili itoshe wanapoteza kile kilichowafanya waichague, kwani kwa dozi kubwa nayo huanza kuleta usingizi.

## Hesabu ya dereva mmoja

Tuchukue dereva wa lori anayeshika usukani saa 11 alfajiri. Ana mzio wa vumbi, anakula saa 3 usiku na kulala saa 4.

Akimeza setirizini saa 4 usiku, tumbo likiwa bado limejaa, kilele hakitafika saa 5 kama pakiti inavyomfanya adhani. Ongeza ucheleweshaji wa chakula, kinafika kama saa 7 kasorobo usiku. Kutoka hapo hadi saa 11 alfajiri ni saa 4 na robo, na damu yake bado ina karibu asilimia 70 ya kilele. Akiimeza saa 1 jioni kabla ya kula, kilele kinafika saa 2 usiku akiwa nyumbani. Alfajiri ni saa 9 baada ya kilele, na kimebaki chini ya nusu. Dawa ileile, dozi ileile, tofauti ni saa 3 na sahani ya chakula. Nafuu ya mchana haipotei, maana dozi moja ya setirizini huhudumu karibu siku nzima.

Sasa mpe klorfeniramini. Akimeza saa 3 usiku, kilele kinafika karibu saa 6 usiku, na saa 11 alfajiri kimebaki kama asilimia 84. Akiisogeza hadi saa 1 jioni, kilele kinafika saa 4 usiku na alfajiri kimebaki kama asilimia 78. Amesogeza dozi saa 2 nzima na hajapata karibu chochote. Hapo ndipo saa inaposhindwa: dawa yenye mkia mrefu inayofika ubongoni haitibiki kwa ratiba. Huyu anahitaji dawa nyingine.

Akiwa na loratadini, saa ya kumeza haina uzito mkubwa kwake. Ameze wakati ambao hatausahau.

Asilimia hizi zinatokana na wastani, na mwili wa mtu mmoja unaweza kuiondoa dawa haraka au polepole kuliko wastani. Ndiyo sababu dozi ya kwanza ya yoyote kati ya hizi inafaa imezwe siku ya mapumziko, bila pombe, na saa zikiandikwa: umemeza saa ngapi, umekula lini, kope zimeanza kulemea saa ngapi, zimepoa saa ngapi.

## Kutambua kama kweli ni dawa

Usingizi wa dawa una tabia ya kuhama pamoja na dozi. Ukisogeza dozi saa 2 mbele, na usingizi ukasogea saa 2 mbele kwa siku tatu mfululizo, umepata jibu. Ukibaki palepale, kwa mfano kila siku saa 8 mchana bila kujali umemeza lini, tafuta chanzo kingine. Pua iliyoziba usiku humnyima mtu usingizi mzuri, na uchovu wa mchana ukasingiziwa kidonge.

Kuna chanzo kingine kinachojificha. Dawa nyingi za mafua na kikohozi zimechanganywa klorfeniramini au nduguye ndani. Mtu anameza loratadini asubuhi, anaongeza dawa ya mafua usiku, kisha anailaumu loratadini. Soma orodha ya viambato nyuma ya pakiti, si jina kubwa la mbele.

## Uamue kwa hali yako

Ukiwa unaendesha chombo, unapanda ngazi ndefu au unasimamia mashine mapema asubuhi, anza na loratadini. Ikishindwa kuzuia muwasho, jaribu setirizini ya saa 1 jioni na uhesabu saa zilizobaki kabla ya kazi. Zikiwa chini ya 8, ahirisha jaribio hadi siku ya mapumziko.

Ukiwa na setirizini inayokufaa lakini bado unasinzia ikifika kileleni, zungumza na mfamasia juu ya kuigawa miligramu 5 asubuhi na 5 jioni. Kilele kitashuka hadi karibu saba ya kumi ya kile cha awali, lakini utakuwa na viwili kwa siku, na kimoja kitaangukia mchana. Kwa anayefanya kazi za kukaa ofisini huenda ni biashara nzuri. Kwa dereva si nzuri.

Ukifanya kazi za zamu zinazobadilika, usifunge dozi kwenye saa ya ukutani. Ifunge kwenye usingizi wako: setirizini imezwe saa 2 hivi kabla ya kulala, iwe ni usiku au mchana. Inapobidi kuhama, acha saa kati ya dozi mbili zizidi 24 badala ya kupungua, ili usirundike dozi juu ya dozi.

Ukiwa unaamshwa na muwasho kwa usiku mmoja tu na kesho huna safari, klorfeniramini moja jioni inakubalika. Usiongeze ya pili usiku wa manane kwa sababu ya kwanza "imeisha". Na ukiwa na miaka zaidi ya 65, au unatumia dawa za usingizi, za kifafa au za maumivu makali, vilele vya dawa mbili vikikutana saa moja madhara hujumlishwa. Peleka orodha ya dawa zako zote kwa mfamasia, ikiwa na saa unazomeza kila moja, kabla ya kuongeza hata mojawapo ya hizi tatu.